Saa Ndiyo Inayoamua: Kaflinki, Kibanio cha Tai na Mkanda kwa Suti ya Harusi Mombasa

Mwanamume aliyevaa suti huwa na vyuma vitano vinavyoonekana: saa, bizimu la mkanda, kaflinki kwenye mikono ya shati, kibanio cha tai na pete. Kwa sababu ni vichache, kimoja kikitofautiana rangi na vingine jicho hukikamata upesi. Na mara nyingi mkosaji si kaflinki. Mtu huhangaika nazo wiki nzima, akasahau kwamba mkanda wake ulitoka dukani na bizimu la rangi ya dhahabu. Kanisani hakuna anayeliona, maana koti limefungwa. Lakini watu wakishafika Nyali kwenye tafrija, joto la kaskazi halijapoa, makoti yatavuliwa, na pale kiunoni patawaka njano peke yake katikati ya vyuma vyeupe.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzii kwenye kaflinki. Unaanza na saa, unafuata mkanda, kisha kaflinki, na kibanio cha tai kinakuja mwisho. Saa ndiyo ghali kuliko vyote, na rangi yake huwezi kuibadilisha. Bizimu hubadilishwa na fundi viatu kwa dakika chache. Kaflinki na kibanio hununuliwa kufuata vilivyopo.

Ijue kwanza rangi ya saa yako

Vyuma vya mapambo ya kiume viko katika jamaa mbili kubwa. Jamaa nyeupe ina chuma cha pua, fedha, titani, platinamu na dhahabu nyeupe. Jamaa ya njano ina dhahabu ya kawaida, shaba njano, na chochote kilichochovywa dhahabu. Dhahabu ya rangi ya waridi ina shaba nyingi ndani yake na husimama karibu na njano, lakini ukiiweka bega kwa bega na dhahabu ya manjano tofauti huonekana. Anayevaa saa ya waridi na atafute kaflinki za waridi, au aepuke chuma mikononi kabisa kwa kutumia vifundo vya hariri, vile vidogo vya nyuzi zilizosokotwa.

Usiamue rangi chini ya taa. Balbu yenye mwanga wa manjano huifanya fedha ionekane kama dhahabu hafifu, na maduka mengi yamejaa taa za namna hiyo. Tandika kitambaa cheupe karibu na dirisha mchana, panga juu yake saa, mkanda na kaflinki, kisha urudi nyuma hatua mbili. Kwa umbali huo ndivyo watu watakavyoviona. Tazama rangi, halafu tazama mng'ao: titani iliyofifishwa ni ya kijivu, na ikikaa na kaflinki za fedha zinazometa kama kioo huonekana kama kitu kichafu, ingawa zote ni za jamaa nyeupe. Saa isiyong'aa itafutie kaflinki zenye mistari midogo ya msasa, si zile za kung'aa.

Saa ya rangi mbili, yaani chuma cheupe kilichochanganywa na njano, inakubali jamaa zote mbili, ila uchague moja na uishike. Bizimu la njano, kaflinki nyeupe na kibanio cha njano si mchanganyiko wa makusudi. Ni vitu vilivyookotwa kila kimoja mahali pake.

Pete ya ndoa haihukumiwi. Ivae ilivyo, hata kama ni ya rangi nyingine.

Kwa Mwislamu kuna swali linalotangulia hili la urembo. Madhehebu yote manne ya Sunni yanamkataza mwanamume kujipamba kwa dhahabu, na pete ya fedha yanairuhusu. Hapa kuna mtego unaowanasa hata watu makini: dhahabu nyeupe ni dhahabu. Ile ya karati 18 ina sehemu 75 za dhahabu katika kila 100, na weupe wake unatokana na madini yaliyochanganywa nayo, mara nyingi pamoja na ngozi nyembamba ya madini meupe ya rodiamu juu. Kwa macho huitofautishi na fedha, kwa hiyo soma muhuri. Fedha safi ya mapambo hugongwa 925. Ukiona 375, 585, 750 au 916, mkononi una dhahabu, iwe nyeupe au njano. Kwa kilichochovywa tu, muulize sheikh wako kabla ya kulipa.

Mfano mmoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho

Tumchukue kijana anayemsimamia nduguye siku ya harusi. Suti yake ni ya buluu iliyokoza, viatu ni vyeusi vya ngozi, shati ni jeupe la mikono ya kukunja, ile ambayo mwisho wake hukunjwa nyuma na kufungwa kwa kaflinki, na tai ina upana wa sentimita 8. Saa yake ni ya chuma cha pua, unene milimita 11, kamba ya ngozi ya kahawia. Mkanda ni mweusi, bizimu ni la njano. Rafiki amempa zawadi ya kaflinki zilizochovywa dhahabu.

Saa ni nyeupe, basi siku hiyo ni ya vyuma vyeupe. Kaflinki za zawadi zibaki kwenye boksi zikisubiri siku nyingine. Hili ndilo gumu kwa wengi, kwa sababu mtu anaona vibaya kutovaa alichopewa, lakini kuzivaa kungemlazimisha kubadilisha saa, bizimu na kibanio pamoja.

Ngozi nayo ina kanuni yake: viatu, mkanda na kamba ya saa viwe rangi moja. Kamba ya kahawia juu ya viatu vyeusi inamharibia. Dawa yake ni nyepesi. Apime nafasi iliyo kati ya zile pembe mbili za kasha la saa zinazoshika kamba. Kwa saa nyingi za kiume ni milimita 18, 20 au 22. Anunue kamba nyeusi ya upana huohuo hasa, kwa maana iliyozidi hata milimita moja haitaingia vizuri, na iliyopungua itacheza na kuonyesha upenyo. Aangalie pia kile kijibizimu cha kamba: nacho kiwe cheupe.

Bizimu la mkanda huondoka mara nyingi bila kuharibu ngozi. Geuza mkanda uangalie nyuma ya bizimu. Ukiona skrubu ndogo au vifungo vya kubonyeza, hutoka mara moja. Ukiona mshono, fundi viatu ataufumua na kushona upya. Cha kupima ni upana wa ngozi. Mkanda wa suti huwa kati ya sentimita 3 na 3.5; ule wa sentimita 4 ni wa jinzi, hata kama ngozi yake ni nzuri kiasi gani. Bizimu jipya lilingane na upana huo, liwe tambarare, lisiwe na nembo kubwa. Usisahau kile kipete cha kushikia ncha ya mkanda: kama ni cha chuma cha njano, bizimu jeupe peke yake halitatosha.

Sasa saa na shati. Mkono wa shati wa kawaida unaweza kuhamishiwa kifungo ili upanuke, lakini mkono wa kaflinki hauna nafasi hiyo, kwa kuwa matundu yameshashonwa na kaflinki hupita palepale. Saa yenye unene wa milimita 11 itakwama nje ya shati, au italikunja shati likae juu ya saa kama kifuniko kilichoinuka. Kama shati linashonwa, mwambie fundi cherehani akupime kifundo cha mkono huku saa ikiwa imevaliwa, na mkono huo mmoja auongeze sentimita 1 hadi 1.5 kuliko mwingine. Kama shati ni la dukani, jaribu kulivaa na saa kabla ya kulipa. Likikataa, ni afadhali kuacha saa nyumbani kuliko kuonekana unavuta mkono wa shati usiku kucha. Akiiacha saa, bizimu ndilo linachukua uamuzi wa rangi.

Kaflinki: kinachoshikilia ni mguu

Watu hununua uso wa kaflinki, na kinachoangusha ni mguu. Aina iliyozoeleka ina mguu wenye kifimbo kinachozunguka: ukikilaza kinanyooka na mguu, unapita kwenye tundu, kisha unakigeuza kikae msalaba kizuie. Ndani ya kiungo hicho kuna springi ndogo. Ikilegea, kifimbo hurudi chenyewe na kaflinki inateleza, na hutajua mpaka uinue mkono kusalimia watu.

Dukani ifanyie majaribio mawili. Kigeuze kifimbo kikae msalaba, ishike kaflinki kwa uso, uitikise kwa nguvu mara kumi. Kifimbo kikisogea chenyewe, irudishe. Kisha igeuze mara kadhaa ukisikiliza: inayofaa hutoa mlio mfupi wa kukatika mwanzo na mwisho wa kila mzunguko. Inayozunguka kimya na laini imeshachoka au haikuwahi kuwa na springi ya maana.

Mguu upimwe urefu pia. Mkono wa kukunja una tabaka nne za kitambaa, na kama shati ni zito au limetiwa wanga tabaka hizo hunenepa. Mguu wa milimita 15 hadi 20 unatosha mashati mengi. Mfupi kuliko hapo unaubana mkono kama chupa iliyofungwa kwa kamba. Mrefu mno unaiacha kaflinki ining'inie na kugeuka uso chini. Uso wenyewe wa milimita 12 hadi 18 unatosha. Mkubwa zaidi unakwama kwenye bitana ya koti kila unaponyoosha mkono.

Kwa chuma, sumaku ndogo ya friji itakusaidia. Iguse kwenye uso wa kaflinki, si kwenye mguu, kwa sababu springi ya mguu inaweza kuvutwa na sumaku hata kwenye kaflinki nzuri. Uso ukivutwa kwa nguvu, ndani kuna chuma cha kawaida kilichopakwa, na hewa ya bahari itakifikia. Usipovutwa, haina maana kwamba ni fedha: shaba njano na mchanganyiko wa zinki navyo havivutwi. Zinki utaitambua kwa wepesi wake kwenye kiganja na kwa mstari mwembamba ubavuni, ule unaoachwa na kalibu la kumiminia. Hukatika palepale mguu unapoungana na uso, na sonara hawezi kuichomea ikashika.

Kuvaa ni hivi. Ukunje mkono wa shati nyuma ili matundu manne yaje mahali pamoja. Kisha uzibane kingo mbili zitazamane kama viganja vinavyoshikana kwa dua, zikitokeza nje. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaupitisha ukingo mmoja juu ya mwingine, kama mkono wa kifungo cha kawaida, na kaflinki inakaa imepinda. Ingiza mguu kutoka upande wa nje, ule unaotazama mbali na mwili ukiushusha mkono, uso wa mapambo ukae unaoonekana na watu. Geuza kifimbo. Mkono wa kulia uanze, kama unatumia mkono wa kulia, kwa sababu utaufunga kwa mkono wa kushoto ulio mzito, na ni vyema uufunge kabla mikono haijaanza kutoa jasho. Koti likiwa mwilini na mikono imelegea, shati litokeze sentimita 1 hadi 1.5. Likitokeza hivyo, kaflinki inaonekana nusu unapotembea na yote unapoinua glasi, na hicho ndicho kipimo chake.

Kwa kijana wetu, kaflinki tambarare za chuma cha pua au za fedha ya 925, za duara au mraba, bila mawe, zinamaliza kazi.

Kibanio na pini ya tai

Kibanio hubana tai kwenye shati, pini huitoboa. Pini yenye sindano na kicheni inafaa tai ya sufu au ya mfumo mzito, kwa kuwa nyuzi zake hufungana tena. Hariri nyembamba huachwa na tundu lisiloziba. Tai ya hariri uliyoazimwa usiitoboe hata mara moja.

Urefu wa kibanio uwe kiasi cha robo tatu ya upana wa tai pale kinapokaa. Tai ya sentimita 8 inataka kibanio cha karibu sentimita 6 kwa upana wake wote, lakini tai hupungua ikipanda juu, kwa hiyo cha 5 hadi 5.5 ni salama zaidi. Kikivuka ukingo wa tai hata kidogo, kinaonekana cha kuazima. Tai nyembamba ya sentimita 5 inataka kibanio cha sentimita 4 au chini ya hapo.

Mahali pake ni kati ya kifungo cha tatu na cha nne cha shati, ukihesabu kutoka kwenye kola. Kikishuka chini ya hapo, koti likifungwa kinapotea. Kikae mlalo kabisa, na kishike vitu vitatu: kipande cha mbele cha tai, kile chembamba cha nyuma, na ule ukanda wa shati wenye vifungo. Kikibana tai pekee hakina kazi; upepo wa ufukweni utairusha tai pamoja na kibanio chake. Ukishakifunga, ivute tai juu kidogo ilegee nusu sentimita juu ya kibanio, la sivyo utakapoketi shati litavutwa na kukunjamana.

Ukivaa kizibau, acha kibanio, kwa kuwa kizibau chenyewe kinaishika tai. Na tai ya kipepeo haina kibanio kabisa. Suti nyeusi ya jioni inayovaliwa na kipepeo hufuata taratibu zake: suruali haina mkanda, kwa hiyo bizimu linaondoka kwenye hesabu, na vifungo vya kifuani vya shati hulingana na kaflinki, kwa kawaida jiwe jeusi la oniksi au gamba la chaza.

Kanzu na joho

Kuna kanzu zinazoshonwa na mikono ya kukunja, na hizo zinapokea kaflinki sawasawa na shati. Hakuna mkanda wala tai hapa, hivyo saa inashindana na kitu kimoja tu: zari la joho. Joho la bwana harusi likiwa na zari la dhahabu, kaflinki za fedha hazigombani nalo ikiwa saa ni ya fedha pia, kwa sababu zari ni uzi, si chuma, na macho hulipokea kama sehemu ya nguo. Kinachogombana ni saa ya njano na kaflinki nyeupe kwenye mkono huohuo mmoja. Chagua kaflinki ndogo. Mikono ya joho ni mipana, na kaflinki yenye pembe kali itakamata zari na kuchomoa uzi.

Chumvi, jasho na udi

Mji wa kisiwa hauna huruma kwa vyuma vya kuchovya. Shaba njano iliyochovywa hubaki nzuri mpaka ngozi yake ikwaruzike, na mara nyingi hukwaruzika mguuni, pale inapopita kwenye tundu kila siku. Chumvi na jasho huifikia shaba na kufanya kutu ya kijani, na hiyo hupaka alama kwenye mkono wa shati jeupe ambayo sabuni haiitoi kirahisi. Kila kabla ya kuvaa, futa mguu kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kitambaa kikipata ukijani, kaflinki hizo zipelekwe kwa sonara zichovywe upya au ziachwe. Katika chuma cha pua, daraja la 316 linahimili chumvi kuliko 304 kwa sababu lina molibdenamu ndani; duka linalojua linachouza litakuambia ni lipi.

Fedha haili kutu, inasawijika. Salfa ya hewani ndiyo inayoifanya nyeusi, na unyevu huharakisha. Usiifunge kwa mipira ya raba wala kuiweka pamoja nayo, maana raba ina salfa. Ikisawijika, tandika karatasi ya alumini ndani ya bakuli, weka kaflinki ziguse karatasi, nyunyiza kijiko kimoja cha soda ya kuokea, mimina maji ya moto. Baada ya dakika chache utasikia harufu ya yai viza: salfa inaiacha fedha na kuhamia kwenye alumini. Suuza, kausha mpaka kwenye kiungo cha mguu. Usifanye hivi kwa kaflinki zenye mawe yaliyogundishwa, gamba la chaza, au nakshi zilizotiwa weusi kwa makusudi, kwa kuwa weusi huo nao utaondoka.

Siku ya harusi, nguo zifukizwe udi na manukato yapakwe kwanza; vyuma vije mwisho. Moshi wa udi huacha utando unaofifisha mng'ao, na manukato hula ngozi ya kuchovya. Ukirudi nyumbani, toa kaflinki kabla shati halijaingia kwenye kapu la nguo chafu, zifute jasho usiku huohuo, uziweke kwenye kifuko cha plastiki kinachofungika pamoja na kile kijifuko cha chembe za kukausha kinachokuja ndani ya boksi la viatu. Kifimbo kiache kikiwa kimenyooka, springi ipumzike.